Dozi ya dawa ya moyo kwa mtoto: mikrogramu au miligramu?

Shikamoo daktari. Mwanangu ana kilo 10, anatumia digoksini ya maji. Cheti tulichopewa Mbeya mjini kimeandikwa 50, halafu alama kama mg. Duka la dawa huku Tukuyu wamegoma kunipa hadi wapige simu kliniki. Wananisumbua bure? (Mama, Tukuyu)

Marahaba mama. Hapana, na mimi ningegoma vilevile. Mtoto mdogo wa uzito huo kwa kawaida hupewa mikrogramu 10 kwa kila kilo kwa siku. Kilo 10 ni mikrogramu 100, zikigawanywa asubuhi na jioni ni 50 kila mara. Chupa nyingi za digoksini ya watoto zina mikrogramu 50 katika kila mililita, kwa hiyo mwanao anahitaji mililita 1 tu kila mara.

Miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Miligramu 50 za dawa hiyo zingekuwa lita nzima kwa mkupuo! Kosa kubwa kiasi hicho hujifichua lenyewe. Ninaloogopa zaidi ni la mtu mwenye haraka anayeona 50 mg haiwezekani, akakisia kuwa mwandishi alikusudia 0.5 mg. Hapo inatoka mililita 10, yaani vijiko viwili vya dawa, na hakuna mzazi atakayeshtuka. Kumbe ni mara 10 ya dozi.

Mimi ni muuguzi wa zahanati, Makete. Tuandikeje ili kosa hilo lisitokee?

Achana na µg, alama ya mikrogramu. Kwa mkono, µ ile hugeuka m kirahisi sana. Andika neno zima, mikrogramu, hata kama cheti kina nafasi finyu. Usiandike 0.05 mg pale unapoweza kuandika mikrogramu 50, maana nukta ikififia kwenye nakala inabaki 005. Kisha weka uzito wa mtoto, hesabu yako, nguvu ya dawa kwenye chupa na mililita za kunywesha:

Kilo 10. Digoksini mikrogramu 50 (mikrogramu 10 kwa kilo kwa siku, zikigawanywa mara mbili). Chupa: mikrogramu 50 kwa mililita. Mpe mililita 1 asubuhi, mililita 1 jioni.

Mfamasia akiona hivyo anaweza kuirudia hesabu mwenyewe. Mzazi naye mpe bomba la kupimia na umwonyeshe mstari wa 1, kwani kijiko cha chai hakipimi mililita moja.

Nikihisi nilishampa nyingi?

Usimpe dozi inayofuata. Mpeleke hospitali saa hiyohiyo, ukiwa na chupa na cheti, hata kama anacheza. Kutapika, kukataa kula, kulegea au mapigo ya moyo kwenda polepole ni dalili za digoksini kuzidi, ila kwa watoto moyo unaweza kuvurugika kabla hajatapika. Hospitali watampima moyo kwa mashine ya ECG, na damu pia pale kipimo kinapopatikana. Kumwanzishia tena dawa au kuiacha wataamua wao.