Pavlov hakuwazawadia mbwa wake

Ukisikiliza semina za malezi siku hizi, jina la Pavlov, yule mwanasayansi Mrusi wa mbwa na mate, halikosekani. Mtoto apewe pipi kila anapomaliza hesabu zake, anyimwe asipomaliza, na baada ya muda atakaa kuzifanya bila kusukumwa. Kisha mtoa mada anamalizia kwamba hivyo ndivyo Pavlov alivyowafundisha mbwa wake. Hata wanafunzi wa saikolojia wanaoanza huyaandika haya kwenye mitihani. Pipi ya namna hiyo inaweza kufanya kazi vizuri sana, ila haimhusu Pavlov.

Kilicho cha Pavlov ni ujifunzaji wa kiklasiki, ambao wengi huuita kondishening ya kiklasiki, nao ni huu: jambo lisilougusa mwili kwa namna yoyote hutangulia mara kwa mara jambo linaloushtua mwili lenyewe, mpaka lile la kwanza nalo likaanza kuushtua. Basi. Hakuna anayetakiwa kufanya kitu ili apate kitu.

Chukua paka wa nyumbani na ndoo ya dagaa. Siku ya kwanza anapofika, mlio wa kifuniko kikibanduka kwenye ndoo ni kelele tu. Labda atageuza sikio mara moja kisha aendelee kulala. Dagaa wenyewe wakifika mdomoni, mate yanamjaa, na hilo hakufundishwa na mtu. Dagaa hapo ni kichocheo asilia, na mate ni mwitiko asilia. Sasa kila jioni kifuniko kinabanduka, na sekunde chache baadaye dagaa wanaanguka kwenye sahani yake. Jioni zikirudiarudia, mlio peke yake unatosha kumjaza mate kabla hajaona wala kunusa kitu. Mlio umekuwa kichocheo cha kujifunza, na mate yanayoufuata ni mwitiko wa kujifunza.

Mpangilio ni muhimu. Mlio utangulie, dagaa wafuate, na pengo kati yake liwe fupi. Ukimwekea dagaa kwanza halafu ndipo ukafungua na kufunga ndoo, paka atajifunza kidogo sana au asijifunze kabisa, hata urudie mara nyingi, kwa sababu mlio unaokuja baada ya chakula haumpashi habari yoyote. Vilevile, kama dagaa wanamfikia saa zote, mara kwa mlio na mara bila mlio, kifuniko hakitakuwa na uzito kwake. Mwanasaikolojia Robert Rescorla alilionyesha jambo hilo mwaka 1968 akitumia panya, sauti na mshtuko mdogo wa umeme: idadi ya mara ambazo sauti na mshtuko vilikutana haikutosha, ilibidi sauti iongeze uwezekano wa mshtuko kutokea. Kwa hiyo wanaosema kwamba hii ni habari ya kurudiarudia tu, nao wamekosea kidogo.

Sasa turudi kwenye kosa lenyewe. Ivan Pavlov alikuwa mtaalamu wa mmeng'enyo wa chakula huko Sankt Peterburgi, na Tuzo ya Nobeli ya mwaka 1904 aliipata kwa kazi hiyo ya tumbo na tezi. Mbwa wake walifanyiwa upasuaji mdogo ili mate ya tezi moja yatoke nje ya shavu na kupimwa. Kilichomvutia ni kwamba mate yalianza kutoka kabla chakula hakijafika, kwa kumwona tu mhudumu anayekileta. Ndipo akaanza kutumia ishara alizoweza kuzidhibiti. Metronomu, kile chombo cha wanamuziki cha kuhesabia mapigo, aliitumia sana. Metronomu inagonga, chakula kinakuja. Soma tena hapo: chakula kinakuja. Mbwa akitoa mate, kinakuja. Mbwa asipotoa hata tone, kinakuja vilevile. Mate hayakununua chakula.

Pipi ya hesabu ni kinyume chake. Hapo mtoto lazima afanye kitu kwanza, na pipi ni malipo ya kitendo chake. Huo ni ujifunzaji wa matokeo, na wenyewe ni wanasaikolojia akina Edward Thorndike, aliyewafungia paka ndani ya vizimba mwaka 1898 na kuwaacha watafute jinsi ya kujifungulia mlango, na baadaye B. F. Skinner. Kwa Thorndike, paka asiyegusa komeo alibaki ndani.

Kuna anayeweza kubisha: pengine mbwa wa Pavlov naye alizawadiwa bila sisi kujua, maana mate humsaidia kumeza, na chakula kikiingia kwenye mdomo uliolowa huwa kitamu zaidi. Hoja hiyo ni nzuri, na ilipimwa. Mwaka 1965 Mmarekani Fred Sheffield aligeuza masharti. Sauti ilipolia, mbwa aliyetoa mate alinyimwa chakula, na aliyejizuia ndiye aliyekipata. Kama mate ni kitendo kinachotegemea malipo, mbwa angeacha upesi. Hakuacha. Kila alipojizuia alipewa chakula baada ya sauti, sauti ikazidi kumwashia mate, mate yakamnyima chakula. Mwili wake ulikuwa ukifuata uhusiano wa sauti na chakula, hata pale ulipomtia hasara.

Kinachowachanganya watu, nadhani, ni kwamba nyumbani aina hizi mbili huja pamoja. Yule paka wetu mlio ukisikika hajazi mate tu. Anakimbilia jikoni, anajisugua miguuni pako, analia. Mate ni ya Pavlov. Kilio, kama umezoea kumpa dagaa pale anapolia, ni cha Skinner. Ukitaka kuvitenganisha, jiulize swali moja: je, chakula kingefika hata kama mnyama angekaa kimya bila kufanya chochote? Kama jibu ni ndiyo, uko kwa Pavlov. Kama chakula kinasubiri kitendo, umeshahamia kwingine.

Njia za kuviondoa nazo hutofautiana, na hapo ndipo kuchanganya majina kunamgharimu mtu. Ukitaka mlio upoteze nguvu, fungua ndoo mara nyingi bila kutoa dagaa. Mate yatapungua taratibu mpaka yafifie. Usishangae ukipumzika siku kadhaa kisha ukafungua tena, mate yakarudi kiasi. Kilichojifunzwa hakikufutika, kimefunikwa na kitu kipya kilichojifunzwa juu yake. Lakini kufungua ndoo tupu hakutazuia kilio kinacholipwa. Hicho kinataka uache kulipa, yaani usimpe kitu wakati analia, umpe akiwa ametulia. Mtu anayefungua ndoo tupu wiki nzima huku bado anatupa kichwa cha samaki kila paka anapolia, ataona kilio kiko palepale na kudhani nadharia imeshindwa.

Kwa hiyo, ndugu unayemfundisha mbwa kukaa kwa kipande cha nyama, endelea, mbinu yako ni nzuri. Neno tu ndilo tulirekebishe: hapo unamlipa kwa kitendo chake, na anayestahili kutajwa ni Skinner. Pavlov mtaje kwa yale mate yanayomdondoka mbwa pale anaposikia mkono wako ukiingia kwenye mfuko wa nyama, kabla hujamwambia lolote.