Kabla ya kuleta mzigo, sikiliza wateja wanalalamikia nini

Wengi wanaokuja ofisini kwetu kuomba ushauri wa biashara hufika wakiwa wameshaamua: wanataka duka la rejareja, kwa kuwa jirani analo na linauza. Mimi huwarudisha mtaani kwanza. Waende na daftari kwa siku saba, mtaji ubaki nyumbani.

Pita njia ileile saa 12 asubuhi watu wakiwahi daladala, kisha saa 1 usiku wakirudi, maana anayenunua asubuhi na anayenunua usiku wana shida tofauti. Simama gengeni, nunua nyanya kidogo, usiwe na haraka. Lalamiko ukilisikia, liandike kama lilivyosemwa.

Kule Mbagala, mama mmoja tuliyekuwa tukimshauri alisikia mteja akisema: "Maharage leo siyawezi, yatamaliza mkaa wote." Aliandika "maharage ghali." Nikamwomba asome tena. Mteja hakugusa bei ya maharage. Alilalamikia mkaa, na muda wa kukaa jikoni akiwa ametoka kazini. Mama yule angeleta maharage ya bei nafuu, yangemdodea.

Alirudi, na kila aliposikia lalamiko hilo aliuliza swali moja: "Sasa leo mtapika nini?" Swali hili ndilo linalochuja. Wengine walisema wananunua maharage ya kuungwa kwa mama lishe, sahani moja moja, ingawa familia ni kubwa. Hao tayari wanatoa pesa kuikimbia shida, hivyo ni wateja. Aliyelalamika kisha akaendelea na mambo yake, usimhesabu.

Ndipo akajaribu kwa kilo 2 tu. Aliloweka usiku kucha, akamwaga maji yale, akachemsha mchana hadi yakaiva, bila kuyaunga, kwa sababu kila nyumba ina mkono wake: huyu anataka nazi, yule nyanya na kitunguu. Kilo moja ya maharage makavu hunywa maji na ikiiva huzidi kilo mbili, kwa hiyo alipima kwa kikombe, na kwenye bei ya kikombe alihesabu pia mkaa. Jikoni mwake mkaa wa chungu kimoja uligawanyika kwa nyumba nyingi.

Hatari iko kwenye mabaki. Kwa joto la Dar es Salaam, maharage yaliyoiva yakilala nje ya friji huchacha. Ukiona povu au harufu kali, mwaga, usipashe moto uuze. Ndiyo maana hakuongeza kipimo mpaka alipoona wateja wanakuja na mabakuli yao na kukuta sufuria tupu, jioni kadhaa mfululizo.

Lalamiko moja nawaomba mliogope: "Yule muuzaji hakopeshi." Husikika kila mtaa na huonekana kama nafasi. Lakini anayeijaza anahitaji mtaji wa kumfikisha mwisho wa mwezi watu wanapolipwa, na wengi wanaoanza hawana.