Safu ipi inafuata? Kupanga ukurasa wa gazeti kabla ya kuutafsiri kwa Kiarabu

Hapa Lubumbashi magazeti mengi yanaandikwa kwa Kifaransa, na mteja anayetaka habari kwa Kiarabu kwa kawaida hutuma picha ya simu tu: ukurasa mzima, safu tano, umepinda kidogo, una kivuli cha mkono pembeni. Kazi inaanza kwa kujua maandishi yanafuatana vipi. Hilo lazima limalizwe kwenye Kifaransa chenyewe, kwa sababu Kiarabu hakina herufi kubwa na hakikati neno mwisho wa mstari. Herufi kubwa na kistari cha kukatia neno ndio mashahidi wawili wakuu wa mpangilio. Ukishatafsiri, wote wawili wamefutika, na aya iliyokaa mahali pasipo pake itasomeka kama sentensi nzuri tu ya Kiarabu.

Tuanze na picha, kwa ufupi. Karatasi ya gazeti ni nyepesi, maandishi ya upande wa pili huonekana. Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa, yatafifia. Kama ukurasa una ukubwa wa A3, upige mara mbili, nusu ya juu na nusu ya chini, na nusu hizo zipandane vidole vitatu hivi, ili mistari michache ionekane katika picha zote mbili. Kisha nyoosha. Watu hudharau mpindo mdogo, lakini hesabu yake ni hii: kwenye picha yenye upana wa pikseli 3000, mpindo wa digrii 2 unashusha au kupandisha upande mmoja kwa pikseli 105 hivi. Ikiwa mstari mmoja una kimo cha pikseli 40, basi mstari wa kwanza wa safu ya kushoto unalingana na mstari wa tatu au wa nne wa safu ya mwisho kulia. Programu ya kusoma maandishi ikivuka nafasi kati ya safu, itaunganisha mistari ambayo hata haikuwa jirani.

Kwa Tesseract, programu ya kusoma maandishi kwenye picha, amri ninayoanza nayo ni hii:

```
tesseract ukurasa.png toka -l fra --psm 3 tsv
```

`--psm 3` inaiachia programu itafute safu yenyewe. `--psm 6` inadhani ukurasa wote ni bonge moja la maandishi, kwa hiyo husoma toka ukingo hadi ukingo na kuchanganya safu zote. Faili la `toka.tsv` linakupa kila neno pamoja na namba ya bonge lake (`block_num`) na mahali lilipo (`left`, `top`). Yachukue mabonge hayo, lakini usiamini namba zake. Na usipange kwa `top` kisha `left`: utapata mstari wa kwanza wa kila safu, halafu wa pili wa kila safu, yaani mchanganyiko ule ule.

Sasa chukua mfano wa ukurasa wenye habari juu ya malori yaliyokwama mpaka wa Kasumbalesa. Kichwa kinatanda juu ya safu tatu za kushoto, chini yake kuna utangulizi wa herufi nene, halafu safu tatu za habari. Katikati ya safu ya 2 na ya 3 kuna picha moja inayoziba zote mbili, na maelezo yake chini. Safu ya 4 na ya 5 zina habari nyingine kabisa, yenye kichwa chake. Safu ya 1 nzima tuiite A. Safu ya 2 juu ya picha ni B, chini ya picha ni C. Safu ya 3 juu ya picha ni D, chini yake ni E.

Programu mara nyingi itatoa A, B, D, kisha maelezo ya picha, kisha C na E. Sababu ni kwamba inaona pengo jeupe likivuka safu mbili juu ya picha, ikadhani ukurasa umekatwa hapo. Lakini kwa mpangaji wa gazeti, picha haikati habari. Msomaji anairuka na kuendelea kushuka safu ile ile. Kinachokata ni kichwa kilichotanda juu ya safu zaidi ya moja, au mstari mzito uliochorwa kuzivuka. Kichwa kidogo chenye upana wa safu moja hakikati kitu, ni pumziko la jicho tu.

Kwa hiyo dhana yetu ni A, B, C, D, E. Sasa ithibitishe kwenye maungio. Andika maneno matano ya mwisho ya kila bonge na matano ya kwanza ya kila jingine, uyaweke kando kwa kando. Tuseme B inaisha na `les chauffeurs ont été`, C inaanza na `contraints de`, na D inaanza na `sation de la douane`. B kwenda D haiwezekani. B kwenda C inakubali, na zaidi ya hapo `contraints` ni wingi wa kiume, sawasawa na `chauffeurs`. Kisha C inaisha na `autori-`, na D ndiyo yenye nusu ya pili ya neno. Maungio mawili yamefungwa bila kubahatisha. Usiunganishe maneno yaliyokatwa kabla ya hatua hii; wengine huamuru programu iondoe vistari mapema, na wanautupa ushahidi wenyewe.

Ungio gumu ni lile la nukta: bonge linaisha na nukta, na mabonge mawili yanaanza na herufi kubwa. Hapo tazama umbo la mistari kwanza. Mstari wa mwisho wa safu ukiwa mfupi, aya imekwisha, na bonge linalofuata linapaswa kuanza na mstari ulioingia ndani kidogo. Ukiwa umejaa hadi ukingo wa kulia, huenda aya inaendelea. Basi tafuta bonge ambalo mstari wake wa kwanza haukuingia ndani. Kama gazeti halina desturi ya kuingiza mistari, fuata majina. Mtu hutajwa kwanza kwa jina kamili na cheo, baadaye kwa jina moja. `DGDA` hufafanuliwa mara ya kwanza kuwa idara ya forodha, baadaye huachwa herufi nne tu. Bonge lenye ufafanuzi linatangulia. Ikishindikana kabisa, mwambie mteja kwa maandishi kwamba ungio hilo halikuthibitika. Usilifunike kwa kiunganishi ulichobuni.

Habari ya safu ya 4 na ya 5, vilevile kisanduku chochote chenye fremu yake, vitafsiriwe kama matini tofauti. Jina la mwandishi mwishoni mwa bonge ni alama nzuri ya ukomo, na agizo la `suite en page 4` linamaanisha uombe picha nyingine kabla ya kutaja bei.

Ukishamaliza, andika namba juu ya picha yenyewe, halafu tafsiri ndani ya jedwali: namba, Kifaransa, Kiarabu. Wakati wa kupanga ukurasa wa Kiarabu, safu ya 1 inakwenda kulia kabisa. Ukiacha safu zilipokuwa, msomaji wa Kiarabu ataanza na mwisho wa habari. Picha nayo inaweza kuhamia upande mwingine wa ukurasa, lakini isigeuzwe kama kwenye kioo, la sivyo mabango na namba za malori zitasomeka kinyume. Na maelezo yake yakisema watu wametajwa kutoka kushoto kwenda kulia, kushoto kubaki kushoto hata kwa Kiarabu, maana waliosimama kwenye picha hawajabadilishana nafasi.