Hesabu ya daladala si kukodi gari

Hesabu ni kiasi maalumu cha fedha ambacho dereva wa daladala, teksi au bajaji humpelekea mwenye gari kila siku, gari liwe limepata au limekosa. Mafuta anaweka dereva, konda analipwa na dereva, na kinachobaki wanagawana wao. Maana yake ndiyo hiyo, na mkazi yeyote wa Dar es Salaam anaijua. Kinachonikera ni hitimisho linalofuata: "Kwa hiyo dereva kakodi gari. Huyo ni mfanyabiashara, hakuna ajira pale." Nimelisikia kwa matajiri wa magari, nimelisikia kwa wasomi, na linaniuma zaidi ninapolisikia kwa madereva wenyewe.

Tuchukue Kosta ya Mbagala Rangi Tatu kwenda Makumbusho, kwa tarakimu za mfano tu. Hesabu ni shilingi 80,000. Siku njema gari linaingiza 260,000. Mafuta yamekula 110,000, tajiri kapelekewa 80,000, zimebaki 70,000 za dereva na konda, na hapo bado wapiga debe hawajapewa chao. Kesho yake mvua inanyesha tangu asubuhi, foleni haisogei, tripu mbili zinapotea. Gari linaingiza 170,000. Ukitoa mafuta ya 100,000, zimebaki 70,000, na tajiri anasubiri 80,000. Dereva anaongeza 10,000 za mfukoni mwake au anaomba hesabu ipelee leo aje kuifidia kesho. Konda anaondoka na nauli ya kurudia nyumbani.

Mfano huu unaonyesha kwamba hasara ya siku mbaya imehamishwa kutoka kwa mwenye gari kwenda kwa anayeliendesha. Hapo ndipo watu wanapochanganya mambo mawili. Nani anabeba hasara ni swali moja. Nani anaiongoza kazi, na nani anamtegemea nani, ni swali jingine, na ajira inapimwa zaidi kwa hili la pili.

Hoja ya kukodi haikuzuka juzi wala si ya kipuuzi. Mwaka 1911 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, iliyokuwa Baraza la Malodi, ilimnyima fidia dereva wa teksi wa London, ikasema uhusiano wake na kampuni ni wa mtu aliyekabidhiwa gari la mwenzake, si wa mwajiri na mwajiriwa. Anayesema dereva wa hesabu kakodi gari anarudia hoja hiyo, hata kama hajawahi kuisikia kesi yenyewe. Lakini sisi tuna sheria yetu, na imeandikwa kwa namna tofauti kabisa.

Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, katika kifungu cha 61, inasema mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, mkataba wao uwe na sura yoyote, ikiwa kigezo kimoja au zaidi kati ya saba kimetimia. Kimoja tu kinatosha kuanzia. Vigezo hivyo vinauliza kama kazi inafanyika chini ya maelekezo ya mwingine, kama saa za kazi zinapangwa na mwingine, kama mtu ni sehemu ya taasisi anayoifanyia kazi, kama amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita, kama anamtegemea kiuchumi, kama amepewa vitendea kazi, na kama anamfanyia kazi mtu mmoja tu.

Sasa mweke dereva wetu hapo. Kitendea kazi ni Kosta, na si yake. Saa 45 za mwezi mzima anazimaliza ndani ya siku tatu, maana anawasha gari saa kumi alfajiri na kulilaza saa tatu au saa nne usiku. Ana tajiri mmoja, na siku tajiri akichukua ufunguo hana kingine cha kuendesha. Vigezo vinne vimetimia kabla hata hatujaanza kubishana juu ya maelekezo. Tajiri atasema, "Mimi simpangii muda, alale akitaka." Ni kweli hampigii kengele, ila kiwango cha hesabu hakimwachi alale. Tajiri huyohuyo ndiye anayetuma meseji: kesho gari liende gereji, Jumapili hesabu ni 60,000, yule konda simtaki.

Mfanyabiashara wa kweli anapanga angalau soko lake au bei yake. Dereva huyu hapangi hata kimoja. Nauli inapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, njia imeandikwa kwenye leseni ya usafirishaji, na leseni hiyo iko kwa jina la mwenye gari. Hawezi kuamka akaamua kwamba Mbagala hakuna abiria, akahamia Gongo la Mboto.

Upande wa pili nao una hoja yenye uzito, na ni dei waka, yaani dereva anayeshikia gari la mwenzake kwa muda. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, pia ya 2004, inamtambua mwajiriwa kuwa ni mtu aliyekubali kufanya kazi yeye mwenyewe. Dereva akiwa na uhuru wa kumpa gari mtu yeyote, siku yoyote, bila kumwarifu tajiri, hoja ya ajira inadhoofika. Kwa hiyo angalia kinachotokea kijiweni. Kumwachia dei waka tripu mbili ukapate chakula, matajiri wengi hulifumbia macho. Kumwachia gari wiki nzima bila ruhusa, utanyang'anywa. Uhuru wa namna hiyo ni mdogo mno kumgeuza mtu kuwa amekodi gari.

Waliokodi kweli wapo. Mtu anayechukua gari kwa mwezi, analitengeneza mwenyewe, anamweka dereva anayemtaka na kulipangia kazi zake, huyo kakodi. Bodaboda wa "mkataba" naye ana lake: anapeleka hesabu kwa muda waliokubaliana, kisha pikipiki inakuwa yake. Pale ununuzi wa polepole umechanganyika na kazi, na usimpime kwa kipimo kilekile cha dereva wa Kosta ambaye akipeleka hesabu miaka kumi hamiliki hata tairi.

Mgomo wa madereva wa Aprili na Mei 2015 ulidai, pamoja na mengine, mikataba ya ajira. Dai lilikuwa sahihi, lakini liliacha watu wakiamini kwamba bila karatasi hakuna ajira. Mwajiri ndiye anayewajibika kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na shauri likifika mbele ya sheria akashindwa kuyaleta, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa ni wake. Dereva atahitaji kuonyesha kwamba alikuwa akifanya kazi pale, na kwa hilo meseji za miamala ya hesabu kwenye simu, siku baada ya siku kwa jina lilelile, ni ushahidi mzuri kuliko anavyodhani.

Kwa hiyo, ndugu dereva unayesema "mimi sijaajiriwa, nabangaiza tu", na wiki iliyopita umepokonywa ufunguo kwa sababu hesabu ilipelea: usizifute meseji hizo. Malalamiko ya kuachishwa kazi isivyo halali hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, na siku hizo zilianza kuhesabiwa ulipoachishwa.