Kope zinazovimba asubuhi: krimu inaishia wapi, figo zinaanzia wapi

Mgonjwa akiniwekea mezani krimu ya macho na kuniuliza kama ni nzuri, na mimi humuuliza: unataka kuondoa weusi au uvimbe? Watu huvitaja pamoja kana kwamba ni ugonjwa mmoja, na wauzaji hawana sababu ya kuwasahihisha.

Weusi nitaupitia haraka. Simama mbele ya kioo mchana, karibu na dirisha, uvute taratibu ngozi ya chini ya jicho. Ukibaki na hudhurungi ileile, hiyo ni rangi iliyomo kwenye ngozi. Wengine wamerithi. Wengine, hasa hapa Dodoma kiangazi upepo ukishaanza kupuliza vumbi, wana mzio: macho yanawasha, wanayasugua kutwa nzima, na ngozi inayosuguliwa inazidi kuwa nyeusi. Hao dawa ya mzio itawafaa kuliko krimu. Ukiinua uso kuelekea kwenye mwanga na weusi ukapotea, basi ni kivuli tu cha bonde lililo chini ya jicho, na hakuna krimu inayojaza bonde.

Uvimbe ndio unaonifanya niandike. Ngozi ya kope ni nyembamba sana na nyama ya chini yake imelegea, kwa hiyo maji ya mwili yakizidi kidogo huonekana hapo mapema. Ukilala yanajikusanya usoni, ukiamka na kutembea yanashuka. Jeli yenye kafeini hubana mishipa midogo ya damu, na ubaridi wake nao husaidia, lakini nguvu yake ni ya saa chache. Kitambaa kilicholowekwa maji baridi kinakaribia kufanya kazi hiyohiyo bure. Vyote viwili vinafaa kwa aliyelia, aliyelala vibaya au aliyekula chumvi nyingi usiku. Mifuko ya mafuta ya mtu mzima, ile isiyobadilika asubuhi wala jioni, haiguswi na krimu yoyote.

Sasa nieleze kisa cha dada mmoja, mfanyakazi wa ofisi za Mtumba. Alikuja na mfuko wa vipodozi. "Dokta, nilianza na hii ya kafeini, ikagoma, nikaongeza hii ya kung'arisha." Kope zake zote mbili zilikuwa zimejaa, haziwashi, haziumi, wala si nyekundu. Alisema asubuhi huwa mbaya zaidi na kufikia mchana hupungua. Nikamuuliza kuhusu viatu. Akacheka: vya kazini vilikuwa vinambana kila jioni, akadhani amenenepa. Nilipobonyeza kidole juu ya mfupa wa mguu, kishimo kilibaki. Nikamuuliza tena kama mkojo wake unatoa povu, lile linalokaa chooni hata baada ya kumwaga maji. Akanyamaza kidogo, kisha akakubali.

Kijiti cha kupimia mkojo ni kipimo cha bei ndogo na hata vituo vya afya wanacho. Kisanduku cha protini, ambacho huwa cha njano, kiligeuka kijani kilichokolea: alama tatu za kujumlisha. Figo zake zilikuwa zinavujisha protini. Protini ikipungua kwenye damu, maji hutoka kwenye mishipa na kuingia kwenye nyama, na kope hutangulia kuonyesha. Damu ilithibitisha: albumini, ile protini kuu ya damu, chini, kolesteroli juu. Nikampeleka kwa daktari wa figo.

Ile krimu ya kung'arisha ilikuwa kwenye kopo lisilo na orodha ya viambato. Niliitilia shaka ya zebaki, ambayo hupenya ngozini na inajulikana kusababisha hasa aina hii ya ugonjwa wa figo. Kopo la namna hiyo lina dalili zake: krimu yenye rangi ya kijivu au inayobadilika kuwa nyeusi ikikaa kwenye mwanga, onyo la kutoigusisha na vito vya dhahabu au fedha, au neno kalomeli. Zebaki imepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, lakini makopo bado yapo mitaani. Aliiacha siku hiyohiyo, na kuacha ni sehemu ya tiba yenyewe. Protini hupungua taratibu, kwa miezi, na mkojo hupimwa tena na tena.

Mikorogo mingine ina steroidi kali. Ikipakwa karibu na jicho kwa muda mrefu inaweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho, huku ngozi ikizidi kuwa nyembamba na mishipa ikionekana zaidi, yaani weusi uleule uliokuwa unaukimbia.

Jicho moja likivimba ghafla, likawa jekundu na kuuma, tena ukiwa na homa au ukiona mbilimbili, nenda hospitali siku hiyohiyo. Hayo huenda ni maambukizi. Kope zote mbili zikijaa kila asubuhi kwa zaidi ya wiki, bila kuwasha, peleka mkojo wa kwanza wa asubuhi maabara kabla ya kununua kitu. Na ukienda, beba makopo yote unayopaka, hata lile unaloona aibu kulionyesha.