Matone 84: dhana potofu kuhusu kupima mvutano wa uso wa maji

Mtu akipima mvutano wa uso wa maji, ile nguvu inayoufanya uso ujivute kama ngozi, akapata namba ndogo, neno la kwanza kumtoka ni "maji machafu haya". Mara nyingi maji yanasingiziwa. Uchafu unaweza kuwa umeyeyuka ndani ya maji, unaweza kuwa unaelea juu yake, unaweza kuwa umeshika kwenye kioo cha kupimia, na pengine hakuna uchafu wowote ila hesabu imekatwa njiani. Kuna njia mbili zinazofanyika hata kwenye maabara isiyo na vifaa vya bei: kuhesabu matone, na kutazama maji yanapanda umbali gani kwenye mrija mwembamba. Njia hizi hazidanganyiki kwa uchafu uleule, na ndiyo sababu nazipenda zikiwa pamoja.

Tuchukue chumba kimoja Mombasa, dirisha wazi, kipimajoto kinasoma nyuzi 30. Maji safi kwenye joto hilo yana mvutano wa 71.2 mN/m, yaani milinewtoni 71.2 kwa kila mita. Ile 72.8 iliyozoeleka vitabuni ni ya nyuzi 20, joto ambalo Mombasa labda ulitafute ndani ya friji. Tuna bureti yenye ncha bapa ya kioo, nusu kipenyo cha ukingo wake wa nje milimita 2. Tunaachia mililita 5 za maji safi polepole na kuhesabu. Yanatoka matone 84.

Dhana: Nimepata 46, kwa hiyo maji yana sabuni

Hili nakutana nalo kila mara, nalo ndilo linaloyaonea maji kuliko yote. Mwanafunzi anachukua kanuni ambayo Thomas Tate aliitoa mwaka 1864, kwamba uzito wa tone ni sawa na nguvu ya uso inayolishikilia kuzunguka ukingo:

```
mg = 2πrγ
```

Hapo m ni masi ya tone, g ni mvuto, r ni nusu kipenyo cha ukingo, na γ ni mvutano. Tone moja kati ya yale 84 lina uzito wa takriban gramu 0.059. Anaweka namba zake, anatumia mvuto wa 9.78 unaofaa huku kwetu karibu na ikweta, anapata 46 mN/m. Anamwaga maji, anachota mengine, anapata 46 tena. "Mwalimu, hata haya ya betri yamechafuka!"

Ukweli ni kwamba tone halidondoki lote. Litazame kwa karibu linapoachia: tumbo linashuka, juu yake panatokea shingo, shingo inakonda, kisha inakatika. Kilicho chini ya shingo ndicho kinachoanguka, na kilicho juu kinarudi kwenye ncha kusubiri maji mengine. Kanuni ya Tate inahesabu kana kwamba vyote vimeanguka. Kwa ncha yetu, kinachoanguka ni kama asilimia 65 tu ya kile ambacho kanuni inakitarajia. Harkins na Brown walipima jambo hili kwa makini na mwaka 1919 wakatoa jedwali la marekebisho, ambapo sehemu hiyo inategemea ukubwa wa ncha ukilinganishwa na ukubwa wa tone. Gawanya 46 kwa 0.65 uone inarudi wapi: 71. Maji yalikuwa safi tangu mwanzo.

Wengi hulikwepa jedwali kwa kulinganisha kimiminika chao na maji safi kwenye ncha ileile. Ni ujanja mzuri, ila una mpaka wake. Maji yenye sabuni ya kutosha kushusha mvutano hadi 32 yatatoa matone 198 kwenye ncha yetu. Ukilinganisha tu 84 kwa 198 utapata 30, kwa sababu tone dogo hukatika kwa uwiano tofauti na tone kubwa. Kwa kusema tu kama kuna sabuni au hakuna, hilo halidhuru. Kwa kuandika namba kwenye ripoti, rudi kwenye jedwali.

Dhana: Matone yakizidi, mvutano umepungua

Chota maji ya bahari upande wa Nyali, mahali pasipo na povu, uyapitishe kwenye bureti ileile. Utapata matone 85. Kwa hiyo chumvi imeshusha mvutano?

La, imeupandisha. Maji ya bahari ya kawaida huwa na mvutano unaozidi wa maji baridi kwa karibu 1 mN/m. Ila ni mazito zaidi, kama asilimia 2 na nusu, na tone zito huanguka mapema likiwa bado dogo. Uzito umeushinda mvutano, na idadi ikaongezeka. Ndiyo maana kanuni ya kulinganisha inabeba densiti pamoja na idadi:

```
γ2 = γ1 × (n1 × ρ2) / (n2 × ρ1)
```

Hapo n ni idadi ya matone na ρ ni densiti; 1 ni maji safi, 2 ni kimiminika unachokipima. Na tusijidanganye: tofauti ya tone moja katika 84 ni ndogo kama kosa la kuhesabu lenyewe, maana daima kuna nusu tone linaning'inia mwishoni. Anayetaka kuiona chumvi kweli apitishe mililita 25, alinganishe 420 na 425 au karibu na hapo, na arudie.

Dhana: Mafuta kidogo ya mkononi hayawezi kubadili kitu

Utando wa mafuta ya nazi au wa mafuta ya ngozi ukitandaa juu ya maji huwa na unene wa molekuli moja tu. Kuufunika uso wa bika yenye upana wa sentimita 8, mafuta yasiyofika sehemu moja ya mia ya miligramu yanatosha. Agnes Pockels aliyachunguza haya jikoni kwao Ujerumani, na barua yake ikachapishwa mwaka 1891 katika jarida la Nature kwa msaada wa Lord Rayleigh.

Hata hivyo, mafuta yanayokusumbua zaidi si yale yaliyo juu ya bika, ni yale yaliyo kwenye kioo. Chukua mrija wa kapilari wenye nusu kipenyo cha milimita 0.5. Ukiwa safi, maji yetu yatapanda na kusimama kwenye milimita 29. Kanuni yake ni hii:

```
h = 2γ cosθ / (ρgr)
```

Hapo h ni urefu ambao maji yamepanda, r ni nusu kipenyo cha mrija, na ile θ ni pembe ambayo maji yanagusana nayo na ukuta wa kioo. Kioo safi kinalowa kabisa, pembe inakuwa sifuri, na kila mtu anaisahau. Kioo kilichoshikwa na kidole chenye mafuta kinaweza kuifikisha nyuzi 40, na hapo maji yanaishia kwenye milimita 22. Asiyejua ataandika mvutano wa 55 na kulaumu kisima cha watu.

Kulitambua kosa hili ni rahisi. Usiuache mrija upandishe maji peke yake tu. Yavute juu kidogo kwa mpira wa pipeti, kisha uyaachie yashuke. Kwenye mrija safi, maji yanayopanda na yanayoshuka husimama mahali pamoja. Kwenye mrija mchafu, yanayopanda yanakwama chini, yanayoshuka yanakwama juu. Ukiona 22 kwa kupanda na 27 kwa kushuka, mrija ndio wenye kesi.

Bureti nayo ina lake. Mafuta yakishika ukingo wa ncha, tone halikalii ukingo wote, linajikunja ndani. Likibanwa kwenye nusu kipenyo cha milimita 1.8 badala ya 2, maji safi kabisa yatatoa matone 92. Lione kwa macho kabla hujaanza kuhesabu: tone zuri linaning'inia wima na ukingo wake ni duara kamili. Likielemea upande mmoja, simamisha kazi, uoshe.

Na kuosha si kusuuza kwa maji ya bomba. Sabuni ya maji kwanza, kisha maji moto mengi hadi uchoke, kisha maji yaliyotoneshwa, kwa sababu sabuni iliyobaki ni mbaya kuliko mafuta uliyoyaondoa. Jaribio la mwisho: maji yakiteremka kwenye kioo yaache utando mmoja usiokatika. Yakijikusanya vidonge vidonge, bado.

Dhana: Ukiharakisha matone unaokoa muda tu

Kwa maji safi, mwendo wa wastani hauharibu sana. Kwa maji yenye sabuni kidogo, unaharibu. Kila tone ni uso mpya, na sabuni inahitaji muda kusafiri kutoka ndani hadi usoni. Tone likianguka kabla sabuni haijafika, linahesabika kama la maji safi. Mimi hupima mara mbili, kwanza tone moja kila sekunde 5, kisha moja kila sekunde 20. Idadi ikibaki ileile, karibu na ya maji safi, hakuna kilichoyeyuka cha kuogopa. Ikiongezeka kwa mwendo wa pole, kuna kitu ndani ya maji.

Neno la pembeni kuhusu visima vya kisiwani, vilivyochimbwa kwenye mawe ya matumbawe: maji yake ni magumu, na sabuni ya kipande ikiingia kidogo inagandishwa na kalsiamu kuwa uchafu mweupe usioyeyuka. Matone hayataongezeka kwa kiasi cha kuonekana. Sabuni ya unga ikiingia kiasi hichohicho, idadi inapanda.

Dhana: Njia mbili zikipingana, moja ni mbovu

Tuseme umeletewa chupa ya maji kutoka bandari ya Kilindini, juu yake pana utando wa rangi za upinde. Unafungua bureti, unahesabu 85, sawa na ya Nyali. Unachovya mrija safi, unapata milimita 24 badala ya karibu 29. Nani mkweli?

Wote wawili. Bureti hutoa maji kutoka chini, na mafuta yasiyoyeyuka yanabaki yakielea huko juu bila kushiriki kwenye tone. Mrija umepita katikati ya utando na kuubeba pamoja na maji. Kuhakikisha, futa uso kwa kuburuta ukanda wa karatasi safi mara kadhaa, chukua mrija mwingine uliooshwa, uchovye tena. Urefu ukirudi 29, uchafu ulikuwa wa juu tu. Usiporudi, na kupanda na kushuka vinalingana, pima bureti kwa mwendo wa pole zaidi, maana kuna kilichoyeyuka ambacho matone ya haraka yalikificha. Na kama kupanda na kushuka havilingani, mafuta yamehamia kwenye kioo; osha kabla hujaandika chochote kuhusu bandari.