QLED inatoa wapi rangi zake?

"Jamani QLED ni kitu gani hasa, na inatofautianaje na LED ya kawaida na OLED? Muuzaji kaniambia ni zilezile tu ila bei ndo tofauti."

Muuzaji kapatia nusu. QLED na LED ya kawaida ni ndugu wa damu, zote mbili ni LCD, yaani kioo cha fuwele za kimiminika chenye taa nyuma yake, ila OLED ni ukoo mwingine kabisa. Ukitaka kuelewa anzia nyuma ya kioo, maana rangi inaharibikia au kupona hukohuko.

Tivi inayouzwa kwa jina la LED, kioo chake chenyewe hakitoi mwanga hata kidogo. Kina tabaka la fuwele za kimiminika ambazo umeme ukizigusa zinajigeuza, zinaachia mwanga upite au zinauzuia, basi. Mwanga unatoka kwenye taa za LED zilizopangwa nyuma, fundi akifungua tivi ndo zile stripu ndefu unaziona zimebandikwa kwenye bati, zikiungua unabaki na sauti bila picha.

Sasa taa hizo zinaonekana nyeupe lakini ndani ni za bluu, zimefunikwa unga wa njano unaoitwa fosfa. Bluu ikigonga ule unga sehemu yake inageuka njano, macho yakipokea bluu na njano kwa pamoja yanaona nyeupe. Kwa kuangazia chumba hiyo inatosha kabisa, kwa tivi ndo tatizo linapoanza. Kila pikseli ina vipande vitatu vyenye filta za nyekundu, kijani na bluu, na filta haiwezi kutengeneza rangi, inachagua tu kwenye kile ilicholetewa. Kwenye weupe wa namna hii bluu imejaa, njano imejaa, ila nyekundu yenyewe ni chache. Kwahiyo filta ya nyekundu inaokota kidogo kilichopo pamoja na machungwa iliyo jirani, ndo maana jezi ya Simba kwenye tivi nyingi za bei rahisi inaelekea machungwa na ile kijani ya Yanga inakuwa na unjano ndani yake.

Kwantam doti, ndo ile Q ya QLED, zinatibu hapo. Ni vikristali vidogo sana vya semikondakta, kama nanomita 2 mpaka 7 hivi, wakati unene wa unywele mmoja wa mtu unafika makumi ya maelfu ya nanomita. Maajabu yake ni kwamba rangi inaamuliwa na ukubwa. Chukua kadmiamu selenidi, kitu kilekile kimoja, ukikitengeneza kwa punje za kama nanomita 3 kinang'aa kijani, ukizikuza zikafika kama 6 kinang'aa nyekundu, hujabadilisha kemikali yoyote. Sababu ni kwamba elektroni imebanwa ndani ya punje, na nafasi ikiwa finyu inalazimika kubeba nishati kubwa zaidi, kama ngoma ndogo inavyotoa sauti kali na kubwa inavyotoa nzito. Nishati kubwa maana yake mwanga unaelekea bluu, nishati ndogo unaelekea nyekundu.

Mwanasayansi Ekimov aliiona hali hii kwenye vioo vya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1980, mwenzake Brus akaiona kwenye punje zinazoelea ndani ya kimiminika, lakini kazi iliyofanya tivi ziwezekane mimi naona ni ya mwanasayansi wa tatu, Bawendi, na wenzake mwaka 1993, walipopata njia ya kukuza punje zote zikatoka saizi moja. Wote watatu walipewa Nobeli ya Kemia 2023. Usawa wa saizi ndo kila kitu hapa, punje zikichanganyika kubwa na ndogo kila moja inatoa rangi yake na unarudi kwenye uleule mchanganyiko uliokuwa unaukimbia.

Kwahiyo kwenye QLED wanatoa ule unga wa njano, taa za nyuma zinabaki bluu tupu, halafu mbele yake wanatandaza karatasi nyembamba ya plastiki yenye doti za kijani na za nyekundu. Bluu ikipita pale sehemu inamezwa na doti na kutolewa upya kama kijani safi na nyekundu safi, inayobaki inapita kama bluu. Filta sasa inaletewa rangi tatu zilizoachana vizuri na nyekundu inakuwa nyekundu kweli. Hiyo karatasi inazibwa pande zote mbili kwa sababu oksijeni na unyevu vinaua doti. Soni waliziingiza kwenye tivi mwaka 2013, Samsung wakaanza kutumia jina la QLED mwaka 2017, na kwa kuwa kadmiamu ni sumu na Ulaya imeiwekea kikomo kikali, siku hizi tivi nyingi zinatumia indiamu fosfaidi.

Ila ujue kitu kimoja ambacho dukani hawakwambii. Matangazo ya kawaida ya HD yamepangiwa rangi chache ambazo hata LED nzuri ya kawaida inakaribia kuzifikia zote, kwahiyo mpira wa kawaida hauna ule wekundu wa ziada wa kukuonyesha. Ukiweka tivi kwenye mpangilio wa picha unaoitwa Vivid inazivuta rangi kwa nguvu, jezi inawaka lakini nyuso za wachezaji nazo zinakuwa nyekundu kama wameungua jua. Faida halisi unaiona kwenye filamu na vipindi vya HDR, vile vilivyotengenezwa kwa rangi na mwanga mpana zaidi.

Na kuna kitu doti haziwezi kukitibu, weusi. QLED bado ni LCD, taa za nyuma zinawaka, na zile fuwele hazizibi mwanga wote, kwahiyo gizani nyeusi inaonekana kijivu. Zenye Mini LED, yaani taa ndogondogo nyingi nyuma, zinapunguza tatizo kwa kuzima taa kwa maeneo, ila utaona ukungu wa mwanga kuzunguka maandishi meupe. OLED haina taa za nyuma, kila pikseli inajiwakia yenyewe, ikitakiwa nyeusi inazimika kabisa. Hasara yake ni kwamba zile kemikali za kaboni zinachoka kwa kutumika, nembo ya chaneli ikikaa kona moja masaa mengi kila siku miezi inaenda inaacha alama isiyofutika, na sebule yenye madirisha mapana mchana QLED nzuri mara nyingi inaizidi kwa mwanga. Kwa mtu wa habari kutwa nzima ningempa QLED bila kusita, kwa wa filamu usiku taa zimezimwa, OLED.

Kutambua ni rahisi. Zima taa za chumba, weka picha nyeusi yenye maandishi madogo meupe, nyeusi ikipotea kabisa gizani mpaka ukingoni mwa maandishi ni OLED, ikibaki na ukijivu au ukungu wa mwanga kuyazunguka ni LCD ya aina mojawapo. Kutenganisha LED na QLED, weka picha nyeusi yenye mstari mwembamba mweupe katikati, utazame mstari huo kwenye upande unaong'aa wa sidii. LED yenye fosfa ya njano inaonyesha bluu halafu utepe mrefu uliochanganyikana kuanzia kijani mpaka nyekundu, QLED inaonyesha bluu, kijani na nyekundu zimeachana na giza katikati. Kipimo hiki kinaweza kukudanganya hasa sehemu moja, kuna fosfa mpya inayotoa nyekundu safi bila doti yoyote, kwahiyo ukiona nyekundu imejitenga peke yake usishangilie, angalia na kijani nayo kama imejitenga.